Usichape "mara moja" kwenye stika ya kostiki

Swali: Shikamoo mwalimu. Naleta poda ya kuzibua masinki kutoka Yiwu, kopo la gramu 500, lebo yote Kichina. Kijana wangu wa dukani amenitafsiria kwa kutumia maelezo ya Kiingereza aliyotumiwa na wakala, na wiki ijayo nataka kuchapa stika 3,000. Picha ya lebo na tafsiri yake nimeviambatanisha. Iko sawa, au kuna cha kurekebisha? (Mama N., Kariakoo)

Marahaba, mama. Stika usizichape bado.

Kijana wako amejitahidi, na Kichina hakikumsumbua sana. Kilichomponza ni Kiswahili. Karibu kila neno alilochagua limo kwenye kamusi, ila mtu akilisoma jikoni, sinki limeziba na kopo liko mkononi, atalielewa vingine kabisa. Kwa hiyo sitakurekebishia sarufi. Nitapita kwenye lebo yako nikikawia pale ambapo msomaji anaweza kuumia.

Haya ndiyo yaliyoandikwa kwenye kopo, nimeyanakili kutoka picha yako:

```
主要成分:氢氧化钠、碳酸钠、铝粒
用法:将本品约100克倒入管道口,加冷水约200毫升,
静置30分钟后用大量清水冲洗。严重堵塞可延长至2小时。
本品为强碱,具有强腐蚀性。请勿接触皮肤、眼睛。
切勿与酸性产品混用。请勿用于铝制品。
如不慎入眼,立即用大量清水冲洗至少15分钟并就医。
误服切勿催吐,立即就医。
保质期:36个月  生产日期:20250612
```

Mstari wa kwanza unataja vilivyomo. Kijana ameandika: "Viungo: magadi soda makali, magadi, chembe za alumini." Hapo pana makosa matatu katika maneno machache, nami naanza na lililo zito.

Kitu cha kwanza kwenye orodha, 氢氧化钠, ni hidroksidi ya sodiamu. Watengeneza sabuni wa mtaani wanaiita kostiki, na wewe bila shaka umeiona ikiuzwa kwa kilo. Wachina nao wana majina ya sokoni: 烧碱, 火碱, na ikiwa imetengenezwa kama magamba bapa, 片碱. Tazama herufi ya mwisho katika majina hayo yote, 碱. Hiyo hiyo imo kwenye 纯碱, ambayo ni kaboneti ya sodiamu, na kwenye 食用碱, ile inayotiwa kwenye unga wa tambi. Ukimuuliza mtu 碱 ni kitu gani atakujibu "magadi", na hatakuwa amedanganya. Kwa chakula ni magadi kweli.

Shida ni kwamba magadi kwetu ni kitu cha jikoni. Tunayatia kwenye maharage yalainike, kwenye mlenda, kwenye kisamvu. Mwanamke aliyepika miaka ishirini akisoma "magadi makali" hafikirii kuungua. Anafikiria kipimo: haya ni makali, basi nitatia kidogo. Neno "kali" jikoni humwambia mtu apunguze, kama pilipili. Na poda yenyewe ni nyeupe, chembechembe, inafanana na vitu vingine vitano vilivyo kwenye rafu hiyo hiyo. Kwa neno moja umeihamisha kostiki kutoka chini ya sinki ukaiweka karibu na chumvi.

Kinachokera zaidi ni kwamba kitu cha pili kwenye orodha, 碳酸钠, kwa kikemia kiko karibu sana na magadi yetu. Ni kaboneti ya sodiamu, na magadi ya Ziwa Magadi na Ziwa Natron ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu. Kwa hiyo "magadi" hapo ni tafsiri sahihi, na bado ningeifuta. Kwenye kopo la kostiki neno hilo lisionekane popote, hata pale linapostahili. Andika "kaboneti ya sodiamu" uishie hapo. Asiyeijua haitamdhuru kutoijua.

Neno "soda" nalo liondoke. Najua "kostiki soda" inasemwa sana, na fundi sabuni hachanganyikiwi. Lakini lebo inasomwa na mtoto wa darasa la tatu anayejifunza kusoma kila kilicho mbele yake, na kwake soda ni chupa yenye kifuniko cha bati. Andika "hidroksidi ya sodiamu (kostiki)". La tatu ni "Viungo". Ni neno zuri, lakini kwenye duka la rejareja viungo ni iliki na mdalasini. Weka "Vilivyomo".

Utajuaje kwa hakika kwamba kilichomo ni kostiki na siyo jamaa yake mpole? Usitegemee jina, liwe la Kichina, la Kiingereza au la Kiswahili. Kila kemikali ina namba ya usajili iitwayo CAS, na namba hiyo haibadiliki kwa lugha. Hidroksidi ya sodiamu ni 1310-73-2, kaboneti ya sodiamu ni 497-19-8, na bikaboneti, ile ya kuumulia mandazi, ni 144-55-8. Namba hizo zinapatikana kwenye karatasi ya usalama wa kemikali, ambayo kiwanda kinapaswa kuwa nayo. Ina sehemu 16. Wewe unahitaji tatu tu: ya 2 inayoeleza hatari, ya 3 inayotaja vilivyomo, na ya 4 ya huduma ya kwanza. Mtumie wakala ujumbe huu kama ulivyo:

```
请发一份这款产品的安全技术说明书(SDS),中英文都要。
```

Anaambiwa atume karatasi ya usalama ya bidhaa hii, kwa Kichina na kwa Kiingereza. Akikujibu kwamba haipo, au akikutumia ya sabuni ya vyombo (imenitokea), basi tatizo lako limekwisha kuwa kubwa kuliko tafsiri.

Sehemu ya 2 itakupa kitu kingine ambacho lebo yako haina: neno la hatari. Chini ya mfumo wa kimataifa wa kuainisha kemikali, ambao China inaufuata, kuna maneno mawili tu, 危险 kwa hatari kubwa na 警告 kwa ndogo zaidi. Ya kwanza ni HATARI. Ya pili mimi huandika ONYO. Kostiki ngumu ya aina hii inaangukia la kwanza, na utaona msimbo H314, maana yake inaunguza vibaya ngozi na kuharibu macho. Kijana wako ameandika juu kabisa "TAHADHARI". Hilo ni neno la sakafu iliyolowa.

Papo hapo kwenye ngozi na macho, 强腐蚀性 ameiandika "inasababisha kutu kali". Nimeona njia aliyopita: Kiingereza kilimpa neno linalotumika kwa chuma na kwa ngozi pia, akachagua chuma. Msomaji ataogopa kwa ajili ya bomba lake, hataogopa kwa ajili ya mkono wake. Wapo wanaopendekeza "babuzi", na kwa kitabu cha kemia ni neno safi. Kwenye kopo sema "inaunguza vibaya ngozi na macho". Usitafute jina la sifa. Taja kitakachompata mtu.

Sasa tufike kwenye mstari wa jicho. Hapa ndipo mimi mwenyewe niliwahi kukosea, miaka iliyopita, kwenye lebo ya kitu kinachofanana na hiki. Kichina kinasema 立即, yaani bila kuchelewa. Niliandika kama alivyoandika kijana wako: "Osha mara moja kwa maji mengi." Nikampa mpwa wangu asome, nikamuuliza angefanya nini. Akasema, "Naosha mara moja." Nikamuuliza, halafu? Akanishangaa. "Halafu basi. Si imesema mara moja?"

Kumbe kweli. "Mara moja" ni papo hapo, na pia ni mara moja siyo mbili. Tukizungumza, sauti na muktadha hututenganishia. Kwenye stika hakuna sauti. Ukiongeza "kwa dakika 15" mbele unadhani umeokoka, lakini mtu aliyeingiwa na kostiki jichoni hasomi mpaka mwisho wa sentensi. Tangu siku hiyo neno hilo silitii kwenye lebo yoyote. Natumia "papo hapo". Na kuosha jicho naeleza kwa kitendo: "Fungua jicho, mwagia maji safi mfululizo kwa dakika 15 au zaidi." Neno 至少 ni "zisipungue", na kijana ameliruka akaandika "dakika 15" kavu. Alkali haifanyi kazi kama asidi, ambayo mara nyingi huunguza juu na kusimama. Alkali huendelea kupenya ndani ya jicho. Dakika 15 ndicho kiwango cha chini, kwa hiyo "au zaidi" si mapambo.

Mstari wa kumeza ni mfupi na ndio unaoua: 误服切勿催吐. Kijana: "Ukimeza kwa makosa usitapike." Soma tena kama mama aliyemkuta mtoto na kopo. Mtoto keshameza. Anaambiwa mtoto asitapike, kana kwamba mtoto ana hiari. Yeye mwenyewe mama hajaambiwa chochote, na atafanya anachokijua: kidole kooni, maji ya chumvi, mafuta. Neno 催 maana yake ni kusukuma kitu kitokee. Kiswahili chetu kina silabi yake kwa kazi hiyo hasa: tapika, tapisha. Kwa hiyo "Usimtapishe". Hapo amri imefika kwa mtu mwenye mikono huru. Mimi ningeongeza na mifano, "usimtie kidole kooni, usimpe maji ya chumvi", kwa sababu ndivyo vitu vinavyofanyika majumbani, na sababu ya katazo ni kwamba kostiki ikipanda inaliunguza koo mara ya pili.

Pia 就医 si "wasiliana na daktari". Wengi wetu hatuna daktari wa kumpigia simu. Ni "mpeleke hospitali", na aende na kopo, ili mganga ajue kilichomo.

Sehemu ya matumizi nilidhani ingekuwa rahisi mpaka nilipofika kwenye maji na saa.

Kichina kinasema 冷水, maji ya baridi, kama mililita 200. Kijana ameandika "maji" tu. Amelipunguza neno linalobeba usalama wote wa hatua hiyo, maana kostiki ikikutana na maji inatoa joto yenyewe, na zile chembe za alumini zimetiwa makusudi ziongeze joto na mapovu: zinatoa haidrojeni. Ukimwaga maji yaliyochemka juu yake, kinarukia usoni. Na mtu mwenye sinki lililoziba mafuta, jambo la kwanza analofanya kabla hata ya kununua poda ni kuchemsha maji.

Haya, tuandike "maji ya baridi"? Nenda dukani Dar uombe maji ya kunywa. Utaulizwa: ya baridi au ya moto? Ya baridi ni ya friji, ya moto ni yale yaliyokaa kwenye shelfu. Nimemwona mtu akisoma "maji ya baridi" akaelekea kwenye friji. Hiyo haina madhara, ila inaonyesha kwamba "ya moto" nayo haimaanishi kuchemka. Kwa hiyo naandika: "maji ya bomba yasiyopashwa moto", na sentensi ya pili, "Usitumie maji yaliyochemka wala ya uvuguvugu." Hiyo ya pili haimo kwenye Kichina neno kwa neno. Imo ndani ya 冷. Kabla ya kuichapa nathibitisha na kiwanda, kisha naiweka.

Saa. 可延长至2小时: yaani bomba likiwa limeziba sana unaweza kurefusha hadi muda wa saa mbili. Kijana: "Ikiziba sana acha hadi saa 2." Saa 2 ya usiku, mama. Mtu akiimwaga saa kumi na moja jioni ataiacha saa tatu nzima. Akiimwaga saa nne usiku ataiacha mpaka asubuhi, na asubuhi anayefungua bomba la jikoni si lazima awe yule aliyeimwaga. Kuandika "masaa 2" kungesaidia na watu wangeelewa, ingawa walimu wa Kiswahili watanuna. Mimi nakwepa ugomvi wote: dakika 120. Tena nakuwa na kipimo kimoja kwenye lebo nzima, 15, 30, 120.

Gramu 100 ni sawa, lakini nani ana mizani jikoni? Usijitungie vijiko. Pima mwenyewe: gramu 100 kwenye kopo la gramu 500 ni moja ya tano. Mwombe wakala akwambie kofia ya kopo inabeba gramu ngapi, au ipime hapo dukani kwa mizani ya sonara ukiwa na glavu na miwani, uandike "kofia mbili" au chochote itakachokuwa. Jihadhari na mazungumzo ya simu kuhusu uzito: wakala akikutajia 斤, hiyo ni gramu 500, nusu ya kilo yetu. Kwenye lebo yako haipo, ila kwenye bei na kwenye maelekezo ya mdomo utaikuta.

Katazo la asidi, 切勿与酸性产品混用, kijana amelitafsiri vizuri: "Usichanganye na bidhaa za asidi." Halina kosa na halina msaada. Nani nyumbani anaita kitu chake "bidhaa ya asidi"? Ana dawa ya choo. Fundi ana maji ya betri. Mpishi ana siki. Vitaje. Na fikiria kuchanganya kunavyotokea hasa: hakuna anayekoroga viwili kwenye ndoo. Anamwaga poda, anasubiri, sinki halizibuki, anakasirika, anachukua dawa ya choo na kuimwaga juu yake. Mchanganyiko unatokea ndani ya bomba, uso wake ukiwa juu ya tundu. Kwa hiyo: "Usimwage dawa ya choo, maji ya betri au siki kwenye bomba lililotiwa poda hii, hata kama halijazibuka."

Vivyo hivyo kwa 铝制品, vitu vya alumini. Ni kweli, lakini kwetu alumini ina jina, inaitwa sufuria. Kostiki inaila alumini na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto, na sufuria ndicho chombo ambacho mtu atakinyanyua apimie maji au akorogee. Andika "Usiitie kwenye sufuria wala chombo chochote cha alumini."

Umeona kwamba Kichina kinabadilisha katazo: 请勿 mahali pamoja, 切勿 mahali pengine. 请 ni adabu, na kijana akaandika "Tafadhali usiguse ngozi na macho". Kwanza ngozi ya nani? Pili, "tafadhali" kwetu ni ombi, na ombi linakataliwa. Iache. Lakini tofauti ya uzito usiipoteze: 切勿 ina msisitizo, na ukiona 严禁 ni marufuku kabisa. Naonyesha uzito huo kwa "kamwe" au kwa herufi kubwa, na situmii herufi kubwa kwa kila kitu, maana zikijaa zinageuka ukuta. Kwenye kopo lako makatazo yenye 切勿 ni mawili tu, la asidi na la kutapisha. Aliyeiandika lebo alijua anachokisisitiza. Na kama picha haionekani vizuri, mwombe wakala upya: 勿, usifanye, na 匆, haraka, zinatofautiana kwa mkwaju mmoja mdogo, na kwenye plastiki iliyokunjamana mkwaju huo unaweza kuwa uchafu.

Tarehe nitaipita haraka. 生产日期 ni siku ya kutengenezwa. 20250612 ni mwaka, mwezi, siku: 12 Juni 2025. 保质期 ni muda wa kudumu, miezi 36. Kijana ameandika "Mwisho wa matumizi 12/6/2025", yaani ungeuza mzigo mpya unaojitangaza kuwa umeoza. Andika "Imetengenezwa: 12 Juni 2025. Inafaa hadi: Juni 2028." Kama kontena lina makopo ya tarehe tofauti, usiichape tarehe kwenye stika. Andika "Tarehe: tazama chini ya kopo" na stika isiifunike.

Jina la bidhaa nalo. "Dawa ya kuzibua sinki" ndivyo tunavyosema, nami nasema hivyo nikienda dukani. Ila kwenye kopo sipendi neno "dawa" liwe kubwa kuliko yote, kwa sababu jicho la mbali linashika neno la kwanza. "Poda ya kuzibulia bomba la sinki" inatosha.

Kwa hiyo rasimu yangu, ikisubiri karatasi ya usalama, ni hii:

> HATARI. Poda ya kuzibulia bomba la sinki. Inaunguza vibaya ngozi na macho. Vilivyomo: hidroksidi ya sodiamu (kostiki), kaboneti ya sodiamu, chembe za alumini.
>
> Vaa glavu za mpira na miwani ya kinga. Isikuguse ngozi wala macho. Weka mahali mtoto hafiki.
>
> Matumizi: Mimina gramu 100 kwenye tundu la sinki. Ongeza mililita 200 za maji ya bomba yasiyopashwa moto. Usitumie maji yaliyochemka wala ya uvuguvugu. Sogeza uso mbali na tundu. Subiri dakika 30, kisha mwaga maji mengi. Ikiwa limeziba sana, subiri hadi dakika 120, zisizidi.
>
> KAMWE USICHANGANYE na dawa ya choo, maji ya betri, siki au asidi nyingine, hata ndani ya bomba. Usiitie kwenye sufuria wala chombo chochote cha alumini.
>
> Ikiingia jichoni: papo hapo fungua jicho, mwagia maji safi mfululizo kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali.
>
> Mtu akimeza: KAMWE USIMTAPISHE. Asukutue mdomo kwa maji. Mpeleke hospitali papo hapo pamoja na kopo hili.

Glavu na miwani, uso na tundu, kusukutua mdomo, mtoto: hayo hayamo kwenye picha uliyonitumia. Nimeyaweka kwa sababu ndiyo ninayoyatarajia kwenye sehemu ya 2 na ya 4 ya karatasi ya usalama ya bidhaa yenye H314. Ikija na kusema tofauti, tunafuata yenyewe. Tofautisha hilo na tafsiri: mimi natafsiri kilichoandikwa, anayeongeza onyo ni wewe mwingizaji pamoja na kiwanda, na jina litakalosomwa kwenye stika ni lako. Kuhusu vibali vya kemikali yenyewe, waulize Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na mambo ya viwango TBS, kabla kontena halijapakiwa.

Ukishapata maneno ya mwisho, chapa stika moja, ibandike kwenye kopo tupu lililosafishwa, umpe mtu ambaye hajawahi kuliona. Usimuulize "umeelewa?" kwa sababu atakujibu ndiyo. Mwambie akuonyeshe: hapa ni sinki, fanya. Kisha mwambie: mtoto kameza, fanya. Watu watatu wanatosha. Chukua msaidizi wa nyumbani, fundi bomba na kijana yule yule aliyetafsiri. Pale mkono unaposita ndipo neno lilipo baya.

Na stika zibandikwe kwenye kila kopo, siyo kwenye katoni, maana katoni inaishia kwa muuzaji wa jumla. Kwenye kopo libandike kiwiliwili, siyo kofia. Kofia hupotea.